Kabla ya kuongeza au kupunguza mahamri kwa asilimia

Kipimo changu cha mahamri kinatoa arobaini. Nachukua unga wa ngano kilo moja, sukari gramu 200, hamira gramu 10, tui zito la nazi mililita 550, yai moja, iliki iliyosagwa vijiko viwili vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Donge zima nalikata mafungu kumi, kila fungu nalisukuma duara na kulikata pembe nne. Mahamri arobaini yanatosha nyumbani na kwa jirani mmoja, basi. Tabu huanza mtu anapoagiza mengine ya hitima, au siku tuko wawili tu na mbaazi ni kibakuli kimoja.

La kwanza la kuweka sawa, kabla hata hujatoa beseni, ni maana ya hiyo asilimia. Kuongeza asilimia 40 ni kuzidisha kila kitu kwa 1.4, kwa sababu kile cha awali, yaani 100, bado kipo na umekiongezea 40. Kupunguza asilimia 40 ni kuzidisha kwa 0.6, maana kilichobaki ni 60. Anayezidisha kwa 0.4 pale alipoambiwa aongeze ataishia na gramu 400 za unga. Na aliyesikia "asilimia 140" akaijumlisha juu ya ile ya awali atapima kilo mbili na gramu 400. Ukiambiwa na mtu, muulize idadi: unataka mangapi? Idadi haina utata. Mahamri 56 gawanya kwa 40 ni 1.4, umemaliza.

Ningependa hata asilimia yenyewe uichague kwa kuangalia madonge. Mafungu kumi yakiongezeka asilimia 40 yanakuwa kumi na manne, mazima. Ukiongeza asilimia 35 unapata kumi na matatu na nusu, na hiyo nusu itakusumbua kwenye ubao wa kusukumia: ama itoke nyembamba, ama uiunganishe na jingine litoke nene, lililoiva nje huku ndani bichi.

Kisha angalia vipimo vyako ni vya namna gani. Kama kipimo ulichorithi kinasema vikombe vinane vya unga, usikizidishe bado. Kikombe kilichojazwa kwa kuchota na kushindilia kinaweza kuzidi kile cha kumiminia kwa gramu 30 hivi, na kwa vikombe vinane hiyo ni karibu robo kilo. Pika mara moja kwa idadi ya kawaida, ukipima kila kikombe kwenye mizani ya jikoni kabla hakijaingia besenini, uandike gramu. Ndizo utakazozidisha. Iliki na chumvi ziache kwenye vijiko, maana mizani nyingi za nyumbani hazioni vizuri chini ya gramu mbili tatu.

Sasa andika, karatasini, kila kitu kabla ya kugusa unga. Kwa mahamri 56: unga gramu 1,400, sukari 280, hamira 14, tui mililita 770, iliki vijiko viwili na robo tatu, chumvi zaidi kidogo ya nusu kijiko, karibu robo tatu. Hamira hapa nyumbani tunanunua pakiti ya gramu 11, kwa hiyo ni pakiti moja na kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, ambacho hukaribia gramu 3.

Yai ndilo linalowatoa watu jasho, kwani yai moja na nne ya kumi halitagwi. Yai la wastani bila ganda lina kama gramu 50, kwa hiyo unahitaji gramu 70. Vunja mayai mawili, yapige mpaka ute na kiini vichanganyike, pima gramu 70, zinazobaki zikaangie chai ya asubuhi. Usipotaka kuharibu yai la pili, tia moja na uongeze tui mililita 20 kufidia maji yaliyokosekana. Mahamri hayatajua. Keki ingejua.

Hesabu ikiisha, ijaribu kwa jumla. Unga, sukari, hamira, tui na yai vya kipimo cha awali ni 1,810, nikihesabu mililita ya tui kama gramu. Zidisha kwa 1.4, inakuja 2,534. Jumlisha namba mpya: 1,400 na 280 na 14 na 770 na 70, nazo ni 2,534. Zisipolingana, kuna kimoja umekisahau. Nasema haya kwa kuwa niliwahi kuongeza vyote nikaacha sukari kwenye 200 kwa mazoea ya mkono. Mahamri yaliumuka vizuri tu, lakini yalikaa mafutani muda mrefu yakiwa meupe, maana sukari ndiyo inayosaidia kupata ile rangi, na nilipoyaacha yakolee yakakauka. Wageni walikula kimya.

Tui usilimwage lote. Ndiyo, hesabu imesema 770, lakini unga hutofautiana kwa ukavu na tui hutofautiana kwa uzito. Tia 700, kanda, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka donge liachane na beseni bila kunata vidoleni. Tofauti ndogo uliyokuwa huioni kwenye kilo moja inaonekana ukizidisha.

Kuna visivyofuata asilimia kabisa. Mafuta ya karai ni kimojawapo: kinachotakiwa ni kina cha kuelea hamri na kugeuka, na kina kinategemea karai. Lita moja iliyotosha arobaini itaanzia hamsini na sita pia, ila weka akiba ya kuongezea, kwa kuwa kila hamri hunywa kidogo. Muda wa kuiva kwa hamri moja nao haubadiliki. Kinachorefuka ni foleni, na hapo ndipo pa kujipanga kweli: yale ya mwisho yanaendelea kuumuka huku ya kwanza yako mafutani. Ukiyasukuma yote kwa pamoja, ya mwisho yatazidi kuumuka na kunywea ukiyashika. Gawa donge likishaumuka, nusu liweke penye ubaridi limefunikwa, na kaanga kwa mpangilio uleule uliosukumia. Usijaribu kuifupisha foleni kwa kujaza karai. Mafuta yatapoa na mahamri yatayanywa.

Kwenda chini, kwa mahamri 24, ni 0.6: unga 600, sukari 120, hamira 6, tui 330, yai gramu 30, jumla 1,086. Hapa hesabu uitoe kwenye kipimo cha arobaini, usiitoe kwenye karatasi ya juzi ya hamsini na sita. Hata kurudi tu arobaini kutoka hapo si kupunguza asilimia 40; ukifanya hivyo 1,400 inakuwa 840, si 1,000. Ndiyo maana karatasi ya arobaini nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, na zile nyingine nazitupa. Na kwa ishirini na nne, badili karai: kwenye dogo, nusu lita itafika kina kilekile.