Mambo ya kuzingatia kabla ya tarehe 5: siku moja ya keteka wa nyumba 36

Nilikuwa keteka, yaani msimamizi, wa jengo la ghorofa sita katika mtaa wa Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi. Lilikuwa na nyumba 36, zote za chumba kimoja chenye jiko dogo na choo ndani, ambazo wapangaji huziita bedsita. Kodi ilikuwa shilingi 8,000 kwa mwezi, na mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 5. Katika maelezo haya nitasimulia tarehe 5 moja iliyoniendea vibaya, kwa sababu karibu kila tatizo la siku ile lilikuwa limeanza siku nne kabla yake. Anayetarajia kuishika kazi hii ataona humo mambo ya kuweka sawa kabla ya siku ya kodi kufika.

Siku yangu ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, mpangaji wa ghorofa ya juu aliponigongea kuniambia kwamba mfereji wake unatoa hewa tupu. Nilipanda hadi juu ya paa nikafungua matangi yetu mawili ya lita 5,000 kila moja. Yote mawili yalikuwa makavu. Maji ya jiji huletwa kwa zamu, na zamu ya mtaa wetu ilikuwa ije jioni ile, kwa hiyo jengo lilikabiliwa na siku nzima bila tone la maji, tena siku ambayo mimi ningepita mlango kwa mlango nikiomba kodi.

Jambo la kwanza la kuzingatia, basi, ni kuijua hesabu ya maji ya jengo lako kabla hujaulizwa na mtu. Kwetu kila nyumba ilitumia takribani mitungi sita ya lita 20 kwa siku, yaani lita 120, na kwa nyumba 36 hizo ni lita 4,320. Matangi yakijaa lita 10,000 yanatosha siku mbili na saa chache. Yalikuwa yamejaa saa sita mchana tarehe 3, hivyo kwa hesabu hiyo yalipaswa kutufikisha hadi zamu ya jioni ya tarehe 5, ingawa kwa shida. Yalipokauka alfajiri nilijua kwamba kulikuwa na mahali maji yalikuwa yakipotea.

Mahali penyewe palikuwa nyumba D2. Tarehe 1 mama anayeishi pale alikuwa amenisimamisha kwenye ngazi akaniambia, "Keteka, choo changu hakinyamazi, kinatiririka usiku kucha." Nilimwahidi kwamba nitapita, kisha nikasahau, kwa sababu sikuandika popote. Siku ile ya tarehe 5 nilikwenda kwake kwanza. Tangi la choo likikosa maji huwezi kuliona likivuja, kwa hiyo nilimimina mtungi mmoja wa akiba nikatia matone machache ya rangi ya chakula, nikasubiri robo saa bila mtu kuvuta maji. Rangi ikaonekana chini kwenye bakuli, na hiyo ni dalili kwamba mpira unaoziba tundu la tangi umechakaa. Kama rangi isingeshuka, ningekagua boya, kwa kuwa boya likikaa juu mno maji hupita kwenye bomba la ziada na kuingia chooni bila kukoma.

Baadaye, zamu ya maji ilipofika, nilipima uvujaji wenyewe kabla ya kubadilisha ule mpira. Mtiririko uliokuwa ukiingia tangini ulitosha kujaza mtungi wa lita 20 kwa dakika 20. Hiyo ni lita moja kwa dakika, yaani lita 1,440 kwa siku, sawa na matumizi ya nyumba 12. Ukiyajumlisha na matumizi ya kawaida, jengo lilikuwa likimaliza lita 5,760 kwa siku badala ya 4,320, na matangi ya siku mbili na ushei yakawa hayafikishi hata siku mbili. Mpira wa bei ndogo, ambao ningeweza kuununua kwenye duka la vifaa lililo chini ya jengo letu, ndio uliozikausha nyumba 36.

Kwa sababu hiyo nasisitiza daftari la malalamiko kuliko kifaa chochote cha ufundi. Liwe daftari la peke yake, lisichanganywe na lile la kodi, na kila lalamiko liandikwe pale pale linapotolewa: tarehe, nambari ya nyumba, maneno ya mpangaji kama alivyoyasema, na siku tatizo lilipotengenezwa. Kabla ya tarehe 5, tuseme tarehe 2 au 3, pitia kurasa hizo na ushughulikie kwanza chochote kinachogusa maji, umeme au maji taka, kwa kuwa matatizo ya aina hii hayabaki katika nyumba moja. Rangi ya ukuta inayobanduka inaweza kusubiri wiki moja zaidi. Lipo pia suala la kodi yenyewe. Mpangaji ambaye lalamiko lake halijajibiwa hukaa na fedha mkononi akikusubiri uje, na siku ile watu wanne waliniambia waziwazi kwamba watalipa wakishaona maji. Sikuwalaumu.

Saa moja asubuhi, nikiwa bado D2, kijana wa C4 alikuja kusema umeme wake unakatika kila mara na kwamba aliyemtangulia alikuwa na tatizo lilo hilo. Hapa inafaa kujua mapema tofauti moja ambayo itakuokoa na gharama ya fundi. Ile swichi inayojikata yenyewe, ambayo mafundi huiita breka, ikikataa kabisa kusimama hata baada ya kuchomoa kila kifaa, kwa kawaida kuna hitilafu katika nyaya, na hapo unaiacha ilivyo hadi fundi wa umeme mwenye leseni afike. Lakini ikisimama vizuri, ikashikilia kwa muda, kisha ikaanguka, mara nyingi mzigo ni mkubwa kuliko uwezo wake. Nilimwuliza alikuwa anatumia nini. Shawa yake ya umeme ilikuwa ya wati 5,500, jiko la koili wati 2,000, birika wati 2,000 na pasi wati 1,200, na asubuhi alikuwa akiviwasha vyote kwa pamoja ili awahi kazini. Jumla ni wati 10,700. Ukizigawanya kwa volti 240 unapata karibu ampea 45, ilhali breka yake ilikuwa ya ampea 32. Nilimwomba azime jiko na pasi anapooga, na umeme haukukatika tena. Kuna keteka wanaotatua lalamiko la namna hii kwa kuweka breka kubwa zaidi, nami nawasihi wasithubutu, kwa kuwa waya uliomo ukutani haujabadilika na ndio utakaopata moto.

Matengenezo mengine ya siku ile yalikuwa madogo: kitasa kimoja na balbu ya ngazini. Nilikuwa na akiba ya vitu hivyo chumbani kwangu, kwa hiyo havikunichukua hata nusu saa.

Kodi ndiyo iliyonichosha. Wapangaji wetu walilipa kwa M-Pesa kupitia nambari ya biashara ya mwenye nyumba, wakiandika nambari ya nyumba kama nambari ya akaunti. Utaratibu huo ni mzuri, lakini una sehemu mbili za kutayarisha mapema. Ya kwanza ni kukubaliana na mwenye nyumba kwamba atakutumia taarifa ya malipo mara kadhaa kwa siku, kwa sababu ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mpangaji hautoshi kukufanya uandike risiti. Ujumbe huweza kuhaririwa ukatumwa upya. Uthibitisho ni ile alama ya muamala yenye jumla ya herufi na tarakimu kumi, ukiikuta imeandikwa vilevile katika taarifa ya mwenye nyumba pamoja na kiasi na saa. Ya pili ni kuandika kabla ya tarehe 1 orodha ya nyumba zote, pamoja na zilizo wazi, ili ujue ni kiasi gani hasa kinachotarajiwa. Mwezi ule nyumba mbili hazikuwa na watu, kwa hiyo nilitarajia kodi ya nyumba 34, yaani shilingi 272,000.

Kufikia saa kumi na mbili jioni, maji yakiwa yamesharudi na wale wanne waliokuwa wakisubiri maji wakiwa wamelipa, daftari langu lilionyesha nyumba 27 zimelipa zote, ambazo ni shilingi 216,000, na nyumba tatu zimelipa 5,000 kila moja. Jumla ilikuwa 231,000. Nyumba nne hazikuwa na kitu, na mojawapo ilikuwa E3. Mama wa E3 aliniapia kwamba amelipa tangu asubuhi, ila simu yake ilikuwa imezimika na mwanawe alikuwa ameondoka na chaja. Mwenye nyumba alinipigia akaniagiza nitie kufuli kwenye milango ya wote wanne.

Hili nalo lizungumzwe na mwenye nyumba mapema, mkiwa mmetulia, siyo saa mbili usiku mkiwa mmechoka. Nchini Kenya ukamataji wa mali kwa ajili ya kodi una sheria yake, Sura ya 293, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni. Keteka mwenye kufuli mkononi si dalali, na mpangaji akienda kushtaki, anayetajwa kwanza ni yule aliyeonekana mlangoni. Nilimjibu kwa heshima kwamba naomba kwanza tulinganishe hesabu.

Taarifa yake ilionyesha shilingi 239,000. Daftari langu lilikuwa na 231,000. Tofauti ilikuwa 8,000 kamili, kodi ya nyumba moja, na tofauti ya namna hiyo kwa kawaida humaanisha kwamba fedha ziliingia lakini zikakaa mahali pasipo pake. Nilipitia nambari za akaunti moja baada ya nyingine hadi nikakuta malipo ya F3 ya saa moja na dakika kumi asubuhi. F3 ilikuwa mojawapo ya zile nyumba mbili zisizo na mtu. Jina la mlipaji lilikuwa la mama wa E3. Nilikumbuka basi kwamba nambari iliyochorwa juu ya mlango wake ilikuwa imefifia mstari wa chini, na aliyeitazama upesi aliisoma F.

Nilimwandikia risiti na kumpelekea usiku ule ule, nikamwomba radhi kwa kumwambia jioni kwamba jina lake halipo. Deni la jengo lilishuka kutoka 41,000 hadi 33,000, na wale watatu waliobaki tuliandikiana tarehe za kulipa. Kisha nilifungua ukurasa mpya katika daftari la malalamiko, nikaandika: E3, kuchora upya nambari ya mlango, kabla ya tarehe 1.