Kabla ya kumwombea mzazi miadi kwa mshauri wa shule

Chukua mfano huu. Mama anauza mboga Bweyale, Uganda, na binti yake yuko bodingi Masindi, sinia ya pili. Siku ya wazazi kutembelea alimkuta amekonda, na tangu hapo kila akimpigia kwa simu ya matroni mtoto anajibu "sawa" kisha kimya. Kiingereza cha mama ni cha kuombea maji tu, na karo ya muhula huu bado hajaimaliza. Anakujia wewe, mtoto wa dada yake uliyesoma: "Niandikie huyo mwalimu wa ushauri, nataka kuongea naye." Usiandike bado.

Kaa naye kwanza umsikilize mpaka amalize, kwa sababu wasiwasi wa mzazi mara nyingi huja umefungwa pamoja na mambo mengine. Atakuambia chakula cha shule ni kibaya, kasisi alisema hili, jirani alisikia lile, karo imepanda. Ukimaliza kumsikiliza, muulize: "Mama mkubwa, ukipewa dakika tano tu na mwalimu, utamwambia nini?" Jibu lake la hapo ndilo utakaloandika. Muulize pia kama anataka mtoto ajue kwamba mama anakuja. Binti wa miaka kumi na nne akiitwa ofisini bila taarifa, mbele ya wenzake, anaweza kufunga mdomo kabisa. Na kama kuna jambo mtoto alimwambia mama kwa siri, lisiingie kwenye ujumbe wako. Hilo mama atalisema mwenyewe wakiwa ana kwa ana.

Suala la karo litenge. Wazazi wenye deni huogopa kwamba wakifika getini watapelekwa kwa mhasibu, na hiyo ndiyo sababu wengine hutuma mtu badala ya kwenda. Usimwombe mshauri akuombee muda wa kulipa, wala usianze kwa kuomba radhi kwa deni. Mambo mawili yakichanganywa katika ujumbe mmoja, shule itajibu lile la fedha.

Halafu tambua unamwandikia nani hasa. Shule nyingi za Uganda hazina mshauri ambaye kazi yake ni hiyo peke yake. Mara nyingi ni mwalimu wa somo fulani aliyeongezewa jukumu, na kando yake kuna mwalimu wa kike mwandamizi anayeangalia mambo ya wasichana na mwenzake wa kiume kwa upande wa wavulana. Kwa binti huyu, mwalimu wa kike mwandamizi anaweza kuwa mlango wa karibu zaidi, na si vibaya kupiga ofisini na kuuliza tu: "Mzazi akitaka kuonana na mwalimu wa ushauri kuhusu binti wa sinia ya pili, anamwona nani?" Omba namba ya mwalimu huyo mwenyewe. Simu ya ofisi husomwa na karani, na pengine na yeyote aliyekaa karibu na meza. Kundi la wazazi kwenye WhatsApp ndilo la kuepuka kabisa, hata kama mwalimu yumo.

Sasa wasiwasi wenyewe. Sentensi mbili zinatosha: ya kwanza iseme nini kimebadilika na tangu lini, ya pili iseme mama anaomba nini. Andika alichokiona mama, usiandike anachokihisi kuwa ndicho chanzo. "Amepungua mwili na haongei" ni kitu mwalimu anaweza kukiangalia kesho asubuhi mezani. "Ana mapepo," "amepata mvulana," "anaonewa na matroni" ni hukumu, na hukumu iliyoandikwa hukaa kwenye simu ya mtu miaka mingi. Ikitokea kwamba chanzo ni kingine, utakuwa umemchafua mtu, na mtoto ndiye atakayeendelea kuishi shuleni humo.

Kwa shule nyingi ujumbe utakwenda kwa Kiingereza. Maana yake iwe hivi:

"Mwalimu, habari za kazi. Naandika kwa niaba ya mama wa (jina), sinia ya pili. Mimi ni mtoto wa dada yake na yeye ndiye aliyenituma. Tangu siku ya kutembelea ameona binti yake amepungua mwili na hazungumzi kama zamani. Anaomba kuonana nawe ana kwa ana, nusu saa hivi. Anaweza kufika Jumanne au Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi. Anazungumza Kiswahili, na nitakuja kumtafsiria ukiruhusu. Namba yake ni hii, yangu ni hii."

Angalia saa. Saa nne yetu ni 10:00 kwenye ratiba ya shule, na ukiigeuza ovyo kwa Kiingereza mama atatarajiwa jioni wakati basi za kurudi zimeadimika. Siku mbili za kuchagua zinamsaidia mwalimu mwenye vipindi, lakini ziwe siku ambazo mama anaweza kweli kuacha genge. Kipindi cha mitihani ya mwisho wa muhula ni kigumu, na kuanzia Oktoba shule za sekondari huelemewa na mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, hivyo omba mapema. Mwambie mama abebe kitambulisho kwa ajili ya getini.

Suala la kutafsiri lisiachwe mpaka siku yenyewe. Mtoto asimtafsirie mama yake mazungumzo yanayomhusu yeye. Atapunguza maneno, au atayageuza. Ukitafsiri wewe, kubaliana na mama kabla kwamba utasema maneno yake na si yako, na kama kuna jambo hataki ulisikie, mwulizeni mwalimu kama shuleni kuna mtu mzima mwingine anayejua Kiswahili.

Kuna hali moja ambayo haya yote hayafai. Mtoto akiwa amesema anapigwa, ameguswa vibaya, au anataka kujidhuru, hiyo si habari ya kuombea miadi ya Alhamisi. Mpigie mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Namba ya bure ya Sauti 116 husikiliza habari za watoto nchi nzima, na polisi wana dawati la familia na watoto. Viboko shuleni vimekatazwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, kwa hiyo mama asiambiwe kwamba hiyo ni nidhamu tu. Mweleze mapema pia kwamba mshauri hataahidi kutunza siri ya kila kitu: akisikia mtoto anaumizwa, anapaswa kuripoti, na Wizara ya Elimu na Michezo ina mwongozo wa mwaka 2014 kuhusu jambo hilo.

Kabla ya kutuma, msomee mama ujumbe wote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akisema "hapo siyo," badilisha, hata kama Kiingereza chako kilikuwa kizuri. Ukishatuma, mpe mwalimu siku mbili za masomo. Kimya kikizidi, piga simu ofisini wakati wa mapumziko ya asubuhi, uulize kama ujumbe umefika, bila kueleza upya habari ya mtoto kwa karani. Na jibu likija, lipeleke kwa mama siku hiyo hiyo, na siku na saa umwandikie kwenye karatasi.