Kapsheni ya singo mpya: namna ya kuiandika bila kumsukuma msikilizaji

Ninaandikia wanamuziki wa Lubumbashi posti zao, na maombi ninayopokea mara nyingi ni haya: "Andika kitu cha kutangaza wimbo, utoke na moto." Matokeo ya ombi hilo yanafahamika. Herufi kubwa, alama za mshangao, "imetoka rasmi", kisha "laiki, komenti, sambaza". Mtu anayelipia mega zake za intaneti anapita. Kwanza hajajua kwa nini wimbo huu ni wa mwimbaji huyu na si wa mwingine yeyote, na tayari ameagizwa afanye mambo matatu.

Nitaonyesha ninavyofanya kwa mfano mmoja: mwimbaji kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye wimbo unaoitwa "Yaya", jina tunalomwitia mkubwa wetu nyumbani, kuhusu kaka yake mkubwa aliyeenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodini. Atautoa kwenye Instagram, Facebook na status ya WhatsApp.

Hatua ya 1: Muulize kabla ya kuandika

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu wanaporuka. Usimuulize "wimbo unahusu nini", maana atakujibu kama anavyojibu redioni: "Unahusu upendo wa familia." Jibu hilo ni kweli, lakini halina mtu ndani yake. Muulize vitu vinavyoshikika. Mstari wa kwanza ulikujia ukiwa wapi? Nani aliusikia kwanza, na alisema nini kwa maneno yake mwenyewe? Kuna kitu gani nyumbani kinachokukumbusha habari hii?

Mwache aongee, nawe umrekodi kwa simu. Kwa mfano wetu, dakika kumi za kwanza ni za jumla tu. Kisha anataja gita. Kaka aliliacha nyuma ya mlango siku ya kuondoka, kamba moja imekatika, na yeye alijifunza kupiga kwa zile tano zilizobaki. Alipomtumia kaka wimbo, jibu lake lilikuwa swali: "Ile kamba ulishaibadilisha?" Ukisikia kitu cha namna hiyo, acha kuuliza. Umepata kapsheni.

Usibuni. Katuba watu wanajuana, na jirani anayejua kwamba gita halikuwepo ataandika hivyo kwenye komenti. Kama habari inamgusa mtu mwingine, hasa marehemu, mgonjwa au ndoa iliyovunjika, mwimbaji aombe ruhusa ya familia kwanza. Kaka wa Kolwezi naye asomewe maneno kabla hayajatoka.

Hatua ya 2: Mstari wa kwanza usimame peke yake

Instagram inaruhusu herufi 2,200 kwenye kapsheni, lakini mtu anayeperuzi huona kama 125 za mwanzo tu. Zilizobaki zinajificha mpaka abonyeze. Kwa hiyo mstari wa kwanza ndio unaoamua kama mengine yatasomwa. Usiupoteze kwa jina la wimbo, jina la studio au "Salaam mashabiki wangu".

Linganisha:

"Singo yangu mpya YAYA sasa inapatikana kwenye majukwaa yote!!!"

na

"Yaya alienda ku Kolwezi, akaacha gita nyuma ya mlango."

Wa kwanza umemaliza habari, hauachi sababu ya kuendelea. Wa pili una watu, mahali na kitu, na msomaji anataka kujua gita liliishia wapi. Angalia pia "ku Kolwezi". Mwimbaji huyu anaongea Kiswahili cha hapa, basi aandike hivyo. Ukimvalisha Kiswahili cha taarifa ya habari, au Kifaransa cha barua ya ofisi, mashabiki wanajua mara moja kwamba si yeye aliyeandika.

Hatua ya 3: Andika mwili, kisha punguza

Kapsheni yote inakuwa hivi:

> Yaya alienda ku Kolwezi, akaacha gita nyuma ya mlango.
>
> Kamba moja ilikuwa imekatika. Nilijifunza na zile tano, na mama alikuwa ananifukuza inje kila akitaka kulala.
>
> Huu wimbo nilimwandikia yeye. Nilimtumia mbele ya watu wote. Alinyamaza, halafu akauliza: "Ile kamba ulishaibadilisha?"
>
> Unaitwa "Yaya". Umetoka leo. Kama uko na mtu wako kule mbali, mtumie.

Jina la wimbo limekuja mwishoni, msomaji akiwa ameshajua Yaya ni nani. Hakuna "wimbo wa hisia kali", maana swali la kaka limeshabeba hisia hizo. Ukiongeza sifa unamwambia msomaji ajisikie vipi, na hapo ndipo anapoanza kuhisi anauziwa. Mama anayefukuza mtoto nje nimemwacha kwa makusudi, ili habari isiwe ya huzuni tupu. Ombi ni moja, nalo limetoka ndani ya wimbo wenyewe: kumtumia mtu aliye mbali. Kumwomba laiki, komenti na kujiunga na chaneli kwa pamoja kunamfanya msomaji asichague lolote.

Kama wimbo ni wa kucheza, njia haibadiliki. Habari ya mtu binafsi hailazimu machozi. Simulia kiitikio kilivyozaliwa ndani ya taksi iliyokwama kwenye foleni, dereva akipiga usukani kwa vidole, na hiyo inatosha.

Hatua ya 4: Ipime

Funika jina la mwimbaji na jina la wimbo, kisha soma. Kama kapsheni ingeweza kuwa ya mwanamuziki mwingine yeyote wa mji huu, rudi hatua ya kwanza. Halafu mpe mwimbaji aisome kwa sauti. Pale anapokwama au anapobadilisha neno bila kujua, andika alivyosema yeye.

Hatua ya 5: Linki na majina

Linki uliyoandika ndani ya kapsheni ya Instagram haibonyezeki. Iweke kwenye wasifu, na mwisho wa kapsheni andika tu "linki iko kwenye wasifu". Facebook linki inafunguka, basi iweke chini kabisa, baada ya habari. Mtayarishaji na mpiga video watajwe mstari wa mwisho, kila mmoja na alichofanya. Usiwatagi watu arobaini wasiohusika. Wanapata taarifa ambayo hawakuiomba, na wengi wanajiondoa.

Status ya WhatsApp inadumu saa 24 na watu wanaipitisha haraka, kwa hiyo kapsheni ndefu haisomwi pale. Weka kipande cha kiitikio, na chini yake: "Yaya aliacha gita nyuma ya mlango. Nimemjibu kwa wimbo." Kisha linki.

Hatua ya 6: Baada ya kuituma

Kaa na simu saa ya kwanza. Mtu akiandika "moto", mshukuru. Mtu akiandika "Wangu yuko Likasi mwaka wa pili", muulize habari zake, kwa sauti ileile ya kapsheni. Komenti za aina hii ya pili ndizo zinazokuonyesha kwamba maneno yamefika. Zikiwa ni alama za moto tu, watu wameona tangazo.

Siku chache baadaye utataka kukumbusha. Usirudishe posti ileile na kuongeza "bado hujasikiliza?". Rudi kwenye ile rekodi ya simu uchukue kitu kingine: siku mama alipoacha kumfukuza na kukaa kusikiliza, au picha ya gita lenyewe likiwa na kamba mpya.