Jinsi ya kujaza maelezo ya picha za bidhaa: mfano wa mkoba wa gome la mutuba

Mwongozo huu ni wa muuzaji wa Kampala, au popote Uganda, mwenye duka la mtandaoni linaloendeshwa kwa WordPress. Tutatumia mkoba mmoja wa bega, ulioshonwa kwa kitambaa cha gome la mti wa mutuba na wenye picha tatu: mbele, ndani, na kiraka kwa karibu.

Kwanza, faili. Badilisha jina kabla ya kupakia. `IMG_4471.jpg` halimwambii chochote Google, na picha iliyo kiungo ikikosa maelezo, kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona, mara nyingi husoma jina hilohilo, herufi na tarakimu. Andika `mkoba-gome-mutuba-mbele.jpg`, maneno yakitenganishwa kwa vistari.

Pili, sehemu ya `Alternative Text`, ambayo kwenye msimbo wa ukurasa huitwa `alt`. Fungua Media Library, bofya picha, utaiona pembeni. Kwa kawaida maandishi haya hayaonekani kwenye ukurasa; husomwa na kisoma skrini, na Google huyatumia kuelewa picha. Andika kile ambacho mnunuzi anayeona angekipata kwa kutazama: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa malighafi gani, rangi, umbo, na alama inayokitofautisha na kingine.

Usianze na "Picha ya", kwa sababu kisoma skrini hutangaza chenyewe kuwa hiyo ni picha. "Mkoba mzuri wa kisasa" nako ni kupoteza nafasi, maana uzuri huo hauna rangi wala ukubwa. Sentensi moja au mbili zinatosha. Anayesikiliza hawezi kuruka kichwa hadi kichwa ndani ya maelezo haya, yanatiririka mfululizo.

Picha ya kiraka ndiyo wengi huiandika vibaya. Kipande cha gome mara nyingi huwa na tundu, nalo huzibwa kwa kushonewa. Anayeona hukitambua kiraka mara moja. Asiyeona, kama hakuambiwa, atakigusa mkoba ukishafika na kudhani ameuziwa uliochanika. Kwa hiyo usirudie maelezo ya mkoba mzima hapo. Andika: "Kiraka cha mviringo upande wa kushoto, kimeshonwa kwa uzi wa kahawia, mishono inaonekana."

Tatu, kapsheni. Hii huonekana na kila mtu, kwa hiyo weka yale ambayo picha haiwezi kuonyesha: vipimo, urefu wa mkanda, matunzo. Ukinakili maneno ya sehemu ya pili, asiyeona atayasikia mara mbili. Ukurasa uliokamilika huwa hivi:

```html
<figure lang="sw">
  <img src="mkoba-gome-mutuba-mbele.jpg"
   alt="Mkoba wa bega wa gome la mutuba, kahawia nyekundu, kifuniko cha ngozi nyeusi, kifungo kimoja cha mbao">
  <figcaption>Upana sm 32, kimo sm 26.</figcaption>
</figure>
```

Hiyo `lang="sw"` si pambo. Bila hiyo, kwenye duka lililoandikwa zaidi kwa Kiingereza, Kiswahili chako kinaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza hadi kisieleweke.

Kuhusu Google, jina la bidhaa likitajwa mara moja ndani ya sentensi ya kweli linatosha. "Mkoba Kampala mkoba bei nafuu mkoba Uganda" ni taka kwa msikilizaji, na Google yenyewe inaonya dhidi ya kurundika maneno hivyo. Hata hivyo, maelezo hayafanyi kazi peke yake: maandishi yanayoizunguka picha nayo yanahesabiwa.

Picha za kuacha wazi. Urembo wa pembeni, au picha ndogo iliyo ndani ya kiungo kimoja na jina la bidhaa, uipe `alt=""`, ili irukwe. Kuacha tupu hivyo si sawa na kuiondoa kabisa `alt`. Tangazo lenye bei na namba ya simu vilivyochorwa juu ya picha, kama yale yanayozunguka WhatsApp, linataka maneno hayo yaandikwe upya kwenye ukurasa, ili yaweze kunakiliwa na kutafutwa.

Mwisho, jaribu. Kwenye Android washa TalkBack, kisoma skrini cha simu hizo, katika mipangilio ya ufikivu, fungua ukurasa, kisha telezesha kidole kulia kupita kitu kimoja kimoja. Fanya hivyo bila kuitazama skrini. Ukisikia namba za faili, kuna picha uliyoisahau. Ukisikia sentensi ileile mara mbili, rudi kwenye kapsheni.

Ukirekebisha kwenye Media Library na bado ukasikia maneno ya zamani, picha hiyo huenda iliingizwa ndani ya maandishi kabla ya marekebisho. WordPress hunakili maelezo wakati wa kuingiza, kwa hiyo fungua ukurasa wenyewe, bofya picha, na ubadilishe hapo.