Jinsi ninavyoandika kichwa cha kipeperushi cha wiki ya ufunguzi wa mgahawa

Vipeperushi vingi vya migahawa mipya vinavyoletwa mezani kwangu vinafanana kichwani: jina la mgahawa kwa herufi kubwa, na chini yake "Tunawakaribisha nyote". Jina lenyewe bado halijulikani na mtu, na karibisho halimpi mpita njia sababu ya kukata kona. Nitaonyesha ninavyokiandika kichwa hicho upya, kwa mfano wa kazi moja: kipeperushi cha A5, cha kugawa mkononi na kupenyeza chini ya milango, cha mgahawa uliofunguliwa palipokuwa na duka la dawa. Wiki ya ufunguzi ni Jumatatu hadi Jumapili. Jikoni kuna wapishi 3.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kuandika

Ninamuuliza mwenye mgahawa mambo matatu. Watu wa hapa wanapaitaje mahali hapa? Ni kitu gani kimoja ambacho hakitakosekana mezani wiki nzima? Na jiko linaweza kulisha watu wangapi kwa saa bila kuchelewesha?

Swali la tatu huwashangaza, lakini ndilo huamua kichwa kiseme "Jumatatu" au kiseme "wiki hii". Kichwa kinachopiga kelele kuhusu siku ya kwanza hukusanya watu siku ya kwanza, tena saa ile ile ya chakula cha mchana, mbele ya wapishi ambao bado hawajazoeana. Aliyesubiri sana siku hiyo hatakumbuka kipeperushi kilikuwa kizuri. Kwa wapishi 3 mimi hutaja wiki nzima, na siku ya kwanza nikaiacha kwenye maandishi madogo.

Hatua ya 2: Andika kwa njia tatu, sio vichwa kumi vya njia moja

Njia ya kwanza ni habari ya mahali. Mkazi wa jirani ameona mlango umefungwa kwa miezi, ameona mafundi wakiingia na mbao, na anajiuliza kuna nini mle ndani. Mjibu:

*Lile duka la dawa
sasa ni mgahawa*

Hapo "lile" linafanya kazi kubwa kuliko maneno mengine yote, kwa sababu linamwambia msomaji kwamba tunazungumzia kitu ambacho yeye na mimi tunakijua. Mgeni hataelewa, na si tatizo. Hatugawi kwa wageni. Mwenye mgahawa alikikataa kichwa hiki papo hapo. "Watu watanusa dawa kwenye supu," aliniambia. Sikuwa na jibu la haraka, maana hofu yake haikuwa ya kijinga. Nitarudi kwake hatua ya mwisho.

Njia ya pili ni kitu cha mezani: chakula kimoja na saa yake. *Mkate unatoka tanurini saa 12 asubuhi.* Hii inafaa pale ambapo chakula hicho kina wakati unaolingana na safari ya mtu, kama anayepita akienda kazini. Usiandike "vyakula mbalimbali". Hakuna aliyewahi kuona njaa ya vyakula mbalimbali. Na usitaje kitu ambacho kinaweza kuisha mapema, kwa sababu mtu aliyekuja na karatasi mkononi akaambiwa "kimeisha" huondoka na hasira mara mbili.

Njia ya tatu ni ofa. Hapa kosa ni moja na linajirudia: neno "BURE" linajaza nusu ya karatasi, halafu sharti lake linajificha chini kwa herufi za mchwa. Matokeo yake ni ugomvi kaunta. Sharti liingie ndani ya kichwa chenyewe: *Ukinunua mlo, kinywaji bure. Jumatatu hadi Jumapili.* Kinapoteza mbwembwe kidogo, lakini mhudumu hatalazimika kumsomea mteja maandishi madogo.

Katika njia zote tatu mwandikie mtu mmoja. Karatasi hushikwa na mkono mmoja, kwa hiyo "ukinunua" na "pita" husikika kama sauti ya jirani, ilhali "wateja wetu wapendwa mnakaribishwa" husikika kama kipaza sauti cha mkutano.

Hatua ya 3: Pima kama maneno yanaenea

Kiswahili kina vitenzi virefu, na hilo ni jambo la rula kabisa. A5 ina upana wa milimita 148. Ukiacha milimita 10 kila upande unabaki na 128. Kwa fonti ya kawaida, herufi ndogo za pointi 48 hula wastani wa milimita 8 na nusu kila moja, kwa hiyo mstari unabeba takriban herufi 15 pamoja na nafasi. "Tunawakaribisheni" peke yake ina 17. Haiingii. Ndipo mbunifu hushusha ukubwa wa kichwa chote kwa ajili ya neno moja ambalo halikuwa na habari yoyote.

Kichwa chetu kina mstari wa herufi 17 na mwingine wa 15. Kwa pointi 40 mstari unabeba kama herufi 18, kwa hiyo kinaenea. Ningeweza kubaki na pointi 48 nikakikata mara tatu, "Lile duka la / dawa sasa ni / mgahawa", lakini jicho lingekutana na "dawa sasa ni" na kujikwaa. Kata mstari pale ambapo msemaji angevuta pumzi, hata kama ukubwa utapungua kidogo.

Hatua ya 4: Chapa nakala moja, iweke sakafuni

Kwenye skrini kila kichwa kinaonekana kikubwa. Chapa nakala moja kwa ukubwa halisi, iweke sakafuni mlangoni, simama wima. Huko ndiko kipeperushi kilichopenyezwa chini ya mlango kitakapoonekana mara ya kwanza. Kama kutoka hapo unasoma jina la mgahawa lakini kichwa hukisomi, punguza jina.

Tarehe isiwe ndani ya kichwa mpaka siku ya kufungua iwe ya uhakika. Niliwahi kuchapa vipeperushi 2,000 vyenye tarehe kubwa juu kabisa, ufunguzi ukaahirishwa kwa wiki moja, na vyote vikawa karatasi ya kufungia.

Hatua ya 5: Gawanya nusu kwa nusu

Pale tuliposhindana kuhusu duka la dawa, tulichapa vichwa viwili: changu vipeperushi 600, na kile cha ofa ya kinywaji 600. Ili pambano liwe la haki, vyote viwili vilikuwa na ofa ile ile chini, na maneno "Njoo na karatasi hii". Kimoja kilikuwa na nukta ndogo kwenye kona, kingine hakina. Mitaa tuliichanganya, nyumba moja hiki, inayofuata kile, wala hatukugawa hiki upande wa stendi na kile upande wa shule.

Karatasi zinazorudi zihesabiwe kila jioni. Zikirudi 14 kwa 11, usitangaze mshindi. Tofauti hiyo inaweza kuletwa na bahati tu. Zikirudi 31 kwa 12, kichwa kimoja kinafanya kazi. Zetu zilirudi kwa tofauti ya namna hiyo, na mshindi alikuwa lile duka la dawa. Mhudumu aliniambia kwamba wengi waliingia wakiangalia kwanza kuta, kuona rafu zilikwenda wapi.