Fidia ya Ucheleweshaji Isigeuke Adhabu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusaini Mkataba wa Ujenzi

Kifungu kinachosema mkandarasi akichelewa atalipa kiasi fulani kwa kila siku huwekwa ili kuepusha mabishano: siku zinahesabiwa, zinazidishwa na kiwango, hela inakatwa kwenye malipo. Urahisi huo hudumu ikiwa kiwango kilitokana na hasara ambayo mwenye mradi angeipata kweli. Kama kiliwekwa tu ili kumtisha mkandarasi, mahakama inaweza kukiita adhabu na kukitupa, na mwenye mradi atarudi kuthibitisha hasara yake risiti kwa risiti, jambo ambalo kifungu kiliwekwa ili kulikwepa.

Kwa hiyo la kwanza kujua ni kipimo kitakachotumika, nacho hutegemea sheria inayotawala mkataba. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya Kiingereza, kipimo cha zamani kinatoka kwenye kesi ya Dunlop dhidi ya New Garage ya mwaka 1914: je, kiasi kilichoandikwa ni makadirio halisi ya hasara, yaliyofanywa kabla haijatokea? Kinachoangaliwa ni hali ilivyokuwa siku ya kusaini, wala si hasara iliyokuja kutokea baadaye. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilibadilisha kipimo hicho mwaka 2015, katika kesi za Makdessi na ParkingEye zilizoamuliwa pamoja. Sasa huko huulizwa kama mzigo unaotwikwa mvunja mkataba umepita kiasi kabisa ukilinganishwa na maslahi halali ya upande wa pili. India ina njia yake. Kifungu cha 74 cha sheria yake ya mikataba ya 1872 kinatoa fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi kilichotajwa, kiitwe adhabu au kisiitwe. Tanzania ina kifungu cha namna hiyo hiyo. Huko kiasi chako ni dari tu, na unaweza kudaiwa ushahidi wa hasara yenyewe.

Hata ukiwa chini ya kipimo kipya cha Uingereza, fanya makadirio. Mtu mwenye karatasi ya hesabu ya tangu kabla ya kusaini ana jibu mkononi chini ya vipimo vyote hivi.

Tuchukue mfanyabiashara anayejengewa ghala, lenye ukumbi wa kuhifadhia na ofisi. Kwa sasa bidhaa zake zimo katika ghala la kupanga. Swali la kuanzia ni moja: siku moja ya kuchelewa itamgharimu nini ambacho asingekilipa kama angekabidhiwa kwa wakati? Pango la ghala la sasa ni 5,400,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa siku. Kusafirisha mzigo kwenda na kurudi huko kunaongeza 60,000. Mhandisi msimamizi anayemlipa yeye ni 90,000, na ulinzi pamoja na bima ya eneo la ujenzi ni 30,000. Jumla ni 360,000. Hapo wengi huishia, wakasahau kutoa kile anachookoa: ghala jipya likiwa halijakabidhiwa, halipii umeme na usafi wake, tuseme 20,000 kwa siku. Kiwango kinabaki 340,000.

Kosa ninaloliona zito kuliko yote katika hesabu hizi ni riba ya mkopo. Mfanyabiashara huyu amekopa, na riba yake ni 240,000 kwa siku. Ni rahisi kuiongeza na kufikisha 580,000. Lakini riba hiyo angeilipa vilevile hata kama ghala lingekabidhiwa siku ile ile iliyopangwa, hivyo haikuletwa na ucheleweshaji. Ukiihesabu pamoja na pango unadai mara mbili thamani ya jengo lile lile, mara moja kama nafasi unayoikosa na mara ya pili kama mtaji uliolala. Mambo hubadilika ikiwa alipanga kuliuza jengo siku ya kukabidhiwa na kulipa mkopo wote: hapo riba ya siku za ziada ni hasara kweli. Kila mstari wa hesabu uupitishe kwenye swali lile la mwanzo.

Hesabu hiyo iandikwe, itiwe tarehe ya kabla ya kusaini, na iambatanishwe na mkataba wa pango na barua ya ada ya mhandisi. Ukiweza, mwonyeshe mkandarasi na uhifadhi majibu yake.

Kisha angalia kiwango kinagusa uvunjaji upi. Kesi ya Dunlop iliacha onyo linalosahaulika: kiasi kimoja kinachodaiwa kwa makosa makubwa na madogo sawasawa huchukuliwa kuwa ni adhabu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo 340,000 iwe ya kuchelewa kukabidhi tu, isitumike pia kwa taarifa ya mwezi iliyochelewa. Makabidhiano ya sehemu nayo yapewe kiwango chake. Mfanyabiashara akipokea ukumbi huku ofisi haijaisha, pango na usafiri vinakoma, na umeme na usafi ameshaanza kuvilipa. Kinachobaki ni mhandisi, ulinzi na bima, yaani 120,000. Kiwango cha wiki nzima kinachodaiwa hata kwa siku moja ya kuchelewa kina udhaifu huo huo, kwa hiyo hesabu kwa siku.

Maneno ya kifungu yanaweza kuwa mafupi:

"Mkandarasi akishindwa kukabidhi kazi yote kufikia Tarehe ya Kukamilisha, kama itakavyokuwa imeongezwa chini ya mkataba huu, atamlipa Mwenye Mradi 340,000 kwa kila siku ya kuchelewa hadi siku ya makabidhiano au ya kusitishwa kwa mkataba, lolote litakalotangulia. Ukumbi ukikabidhiwa kabla ya ofisi, kiwango kitakuwa 120,000 kuanzia siku hiyo. Pande zote zinakubali kuwa viwango hivi ni makadirio ya hasara yaliyomo katika Kiambatisho."

Sentensi ya mwisho haitakiokoa kifungu peke yake, maana mahakama hutazama hesabu iliyo nyuma ya jina. Maneno "kama itakavyokuwa imeongezwa" ndiyo ya kulindwa zaidi. Mwenye mradi akichelewesha michoro, na mkataba ukakosa utaratibu wa kuongeza muda, tarehe ya kukamilisha hupotea. Mkandarasi anabaki na muda wa kuridhisha tu, na fidia ya siku inakosa pa kuanzia kuhesabiwa. Sehemu inayotaja kusitishwa kwa mkataba nayo ina sababu: kesi ya Triple Point ilifika hadi mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 2021 kwa ubishi wa kama fidia ya ucheleweshaji inadaiwa pale kazi isipokabidhiwa kamwe.

Mwisho, kagua jedwali la mkataba kabla ya kutia sahihi. Usiandike sifuri penye nafasi ya kiwango ukidhani umejiachia mlango wa kudai hasara halisi. Katika kesi ya Temloc dhidi ya Errill ya mwaka 1987 kiwango kiliandikwa kuwa ni sifuri, na mahakama ikaamua kwamba pande zilikubaliana ucheleweshaji usilipiwe chochote. Kama hutaki kiwango, futa kifungu chote, na uandike wazi kuwa hasara itadaiwa kwa kuthibitishwa.