Tangazo la stendi ya simu iliyochapwa kwa printa ya 3D: vipimo vya kweli, plastiki na matunzo

Mteja hajali sana stendi ina urefu gani. Anataka kujua kama simu yake itaingia ikiwa na kava, kwa hiyo anza na mfuo unaoishika simu.

1. Pima stendi yenyewe, usinakili vipimo vya faili. Plastiki husinyaa kidogo ikipoa, na tabaka la kwanza hubanwa kwenye bamba la printa likatanuka pembeni. Mfuo uliochorwa milimita 12 unaweza kutoka na 11.6. Chukua kalipa, pima ncha zote mbili na katikati, kisha ushike kipimo kidogo kuliko vyote na ukishushe: andika 11.5. Simu yenye unene wa milimita 8 ikivikwa kava la mpira hufika 10 au 11, hivyo itaingia. Kava la pochi huenda lisiingie, na hilo liandikwe wazi.

2. Chomeka waya wa chaja simu ikiwa imesimama. Kichwa cha waya kikigusa meza, simu itanyanyuka au waya utakunjika shingoni. Kama hali ndiyo hiyo, andika kwamba simu huchajiwa ikiwa imelazwa tu.

3. Taja plastiki kwa jina. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita hapo. Stendi haitayeyuka, ila itainama taratibu kwa uzito wa simu. Usiandike kwamba "inaoza yenyewe": PLA hutokana na wanga wa mimea, lakini ukiifukia shambani itakaa miaka.

4. Piga picha moja kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni, ili mistari ya tabaka ionekane. Anayetarajia kitu laini kama cha kiwandani ajue kabla ya kulipa.

Tangazo lenyewe liwe hivi:

"Stendi ya simu ya mezani, PLA nyeusi. Upana 80 mm, kina 95 mm, kimo 110 mm. Vipimo vinaweza kupishana kwa 0.5 mm. Mfuo 11.5 mm: pima simu yako pamoja na kava. Uzito gramu 62. Mistari ya uchapaji inaonekana. Unaweza kuchaji simu ikiwa imelazwa, si ikiwa imesimama. Usiiache ndani ya gari wala karibu na jiko. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Usitumie maji ya moto wala asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Usiikandamize ukingo wa mbele, unaweza kukatika kwenye tabaka."

Ukihamia PETG, inayostahimili joto hadi karibu nyuzi 80, usibadili jina la plastiki tu. Chapa moja, pima mfuo upya, kwa kuwa PETG haisinyai sawa na PLA.